Zawadi za nyumba 14 kwa laki tisa: shajara ya mwaka 2024

6 Januari, Jumamosi

Desemba iliyopita nilikopa. Nilikopa kwa mwalimu mwenzangu Sh 120,000 ili nikamilishe mizigo ya Krismasi, na nimemaliza kumlipa jana. Kwa hiyo mwaka huu zawadi zinapata daftari lake, laini yake ya simu na kiasi chake: Sh 75,000 kila mshahara ukiingia, yaani 900,000 kwa mwaka. Haziongezwi. Mume wangu amekubali, ingawa aliuliza mara mbili kama na ya mama yake imo humo humo. Imo.

Kosa langu la kwanza nimeligundua leo hii hii. Nilianza kuandika majina ya watu, nikafika 47 nikasimama kalamu mkononi. Laki tisa kugawa kwa 47 ni kama elfu kumi na tisa kwa mtu kwa mwaka mzima, na hapo bado hajazaliwa wala kuoa mtu. Nikachana karatasi nikaandika nyumba. Ziko 14: hapa Mwanza Igoma, Buhongwa mbili na Nyegezi, kisha Kisesa, Magu tatu, Sengerema mbili, Nansio tatu na moja Dar es Salaam. Ndivyo zawadi zetu zinavyopokelewa kwa kweli. Ukipeleka mchele kwa shangazi Magu hakuna anayeuliza ni wa nani, unaingia sufuria moja. Watu wanaohitaji zawadi kwa jina lao ni wachache: wazee wanne, mzazi aliyejifungua, mtoto mwenye komunio au mahafali, na maharusi.

7 Januari

Jana usiku nilipitia meseji za miamala za miaka miwili iliyopita, moja moja, kutafuta hela zilizotoka bila kupangwa. Mwaka 2022 mambo ya ghafla yalikuwa matano. Mwaka 2023 yalikuwa saba: watoto watatu, harusi, send-ofu, ubatizo, na baba mdogo kuhamia nyumba yake. Nimechukua saba, si wastani wa sita, kwa sababu likipungua moja hela inabaki, ila likizidi moja narudi kwa mwalimu mwenzangu na uso wangu.

Kwa hiyo mafungu ni matatu. Fungu la tarehe, 280,000: Idd kwa nyumba tatu za upande wa wifi mkubwa na wakweze, komunio moja, kipaimara kimoja, mahafali mawili ya darasa la saba, na wazee wanne ambao huwa tunawakumbuka katikati ya mwaka. Fungu la ghafla, 210,000, ambayo ni saba mara elfu thelathini. Fungu la Desemba, 410,000, kwa nyumba zote 14.

Misiba haimo. Rambirambi hutoka kwenye hela ya nyumba, na sitaki kufungua mjadala huo.

20 Januari

La ghafla la kwanza limefika kabla hata mshahara wa kwanza haujaingia: wifi wa Buhongwa kajifungua wa kike. Beseni, sabuni ya unga, mafuta ya mtoto na khanga niliyonunua rejareja. Jumla 28,000, nikajiazima hela ya jikoni na kuirudisha tarehe 25. Khanga ile ndiyo iliyoniuma, doti moja Sh 13,000.

2 Machi, Makoroboi

Khanga za jumla huuzwa kwa korija, doti 20. Mimi sihitaji 20. Nilihesabu 11: wazee wanne, Idd tatu, na nne za wazazi wa mwaka huu ambao hata hawajajitokeza. Mwalimu mwenzangu yule yule alikuwa na send-ofu mbili mkononi, akachukua tisa. Korija tulipewa kwa Sh 190,000, ikawa doti moja 9,500 badala ya 13,000. Sehemu yangu 104,500. Nimepunguza 38,500 kwa kwenda dukani na mtu badala ya kwenda peke yangu.

Mambo mawili kuhusu korija. Kwanza, kwa kawaida inakuwa ya jina moja, rangi ndizo zinazobadilika. Ukiitaka iliyochanganywa unaomba mapema kabla ya bei, maana ukiomba baada ya bei muuzaji anaipandisha. Tulipata majina mawili, kumi kwa kumi. Pili, soma jina lililoandikwa kwenye kila khanga, usitegemee maua. Nilikataa bunda zuri sana la rangi ya zambarau kwa sababu ya “Usisafirie nyota ya mwenzio”. Nani angenielewa nikimpa wifi khanga hiyo? Nikachukua “Wema hauozi” na “Akiba haiozi”, majina ambayo hayawezi kumgombanisha mtu na mtu.

13 Aprili

Mwaka huu Pasaka iliangukia 31 Machi na Idd 10 Aprili, siku kumi tu katikati. Pasaka huwa hatupeani vitu, tunakula pamoja, kwa hiyo iliyogusa laini yangu ni Idd peke yake. Nyumba tatu, kila moja doti, sukari, unga wa ngano na tende, 20,000 juu ya khanga. Laini imebaki na 32,500.

Lakini nimeharibu kitu. Nilimpelekea mama mkwe khanga yake mapema, Machi, kwa kuwa nilikuwa napita Igoma. Siku ya Idd kaalikwa kwa wifi mkubwa, kajifunga ile khanga. Wifi naye kajifunga yake. Jina lile lile na rangi ile ile. Mama mkwe hakusema neno mbele za watu. Jioni nilipompigia shikamoo, akaitikia marahaba, akakaa kimya kidogo, kisha: “Mwanangu, siku hizi mimi na watoto tuko safu moja.”

Nimeelewa. Khanga haikuwa na ubaya, na kwa hela hakuna aliyepunjwa. Nilikuwa nimepanga kwa bei, wakati wazee wanapanga kwa nafasi. Mzee akipata sawa na mtoto wake, kwa macho yake amepungukiwa. Nimeandika kwenye jalada la daftari: wazee wanapewa jina tofauti na rangi tofauti, na kitu cha juu yake ambacho mdogo hapati.

2 Juni

Komunio ya mtoto wa Nyegezi, 25,000: viatu vyeupe, alichosema mama yake kuwa kinakosekana. Siku hizi nauliza. Zamani nilikuwa napeleka keki, na keki zilifika nne.

Wazee wote wanne nimewamaliza wiki hii. Kila mmoja kaongezewa 15,000 juu ya khanga: sukari, majani ya chai na kikoi au shuka kulingana na mtu. Kwa mama mkwe nilibadilisha khanga kabisa, ile ya mwanzo nikamwachia ya kushindia, hivyo doti moja niliyoiweka kwa ajili ya mzazi imekwenda kwake. Ameifunua, akasoma, akaikunja upya taratibu. Tuko salama. Nyuma yangu kwenye bajaji kaniwekea michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kiasi cha ndoo. Michembe siiandiki kwenye daftari. Nilijaribu kuhesabu vinavyorudi kama mapato nikaona najidanganya, maana siwezi kumnunulia mtu sabuni kwa michembe.

Mei pia alizaliwa mtoto Sengerema. Doti na 18,000.

29 Juni

Hapa ndipo mpango wa mwaka mzima ulipo, kwa hiyo naandika kirefu.

Desemba naipelekea kila nyumba mchele. Mchele wa Desemba ni ghali kwa sababu kila mtu anautaka wiki moja, na mavuno ya kwetu yalishapita tangu Mei, Juni na Julai. Njia ya kawaida ni kununua mchele sasa na kuuweka. Mama yangu alinikataza. Mchele uliokobolewa ukikaa miezi sita kwenye joto la Mwanza unaingia wadudu na kuanza harufu ya vumbi. Mpunga wenye ganda lake unavumilia zaidi. Kwa hiyo nanunua mpunga, naukoboa Desemba.

Hesabu yangu: nahitaji mchele kilo 100. Mpunga mzuri ukikobolewa unatoa karibu theluthi mbili ya uzito wake, nyingine ni pumba na chenga. Kilo 160 za mpunga, magunia mawili yasiyojazwa lumbesa, zingenitosha.

Leo nimekwenda Misungwi na hela ya gunia moja tu. Laini ilikuwa na 154,500, magunia mawili na usafiri yangezidi, na sikutaka kuibakiza sifuri. Gunia la kilo 78 kwa 80,000, usafiri 5,000. Kabla ya kulipa nilitia mkono hadi katikati ya gunia, siyo juu, nikachukua punje kumi nikaziuma moja moja kwa jino la mbele. Punje kavu inavunjika kwa mlio, yenye unyevu inabonyea. Zote kumi zililia.

Gunia liko stoo juu ya mbao mbili, limeachana na ukuta kiasi cha mkono kupita. Sakafu ya saruji hupandisha unyevu, na gunia lililoegemea ukuta wa nje huoza upande mmoja bila mtu kujua.

27 Julai

Gunia la pili. Bei imepanda hadi 86,000, na usafiri 5,000. Elfu sita hiyo ni gharama ya kutokuwa na hela Juni. Mwakani nitaanza kuweka Desemba hii, au nitagawa michango bila usawa: miezi sita ya mwanzo mikubwa, ya mwisho midogo. Kulipa sawa sawa kila mwezi kunapendeza kwenye daftari tu, kwa sababu vitu vya bei rahisi havikusubiri ufike Novemba.

Kilo 81. Niliziuma, zikalia. Nikaridhika haraka, nadhani kwa sababu mvua ilikuwa inatishia na gari lilikuwa linapiga honi.

10 Agosti

Kikao cha harusi ya mpwa wa mume wangu. Kadi zimegawiwa: singo 50,000, dabo 100,000. Nikiwa njiani kurudi, mume wangu akasema kwa upole wa kutisha: “Si una lile fungu la ghafla?”

Ninalo. Kwenye daftari fungu la ghafla limebakiwa na 154,500. Kwenye simu ziko 53,500. Hela nyingine imekuwa mpunga uliolala stoo. Hili sikuliona Januari: fungu linaweza kuwa na hela kwenye karatasi na lisiwe nayo mkononi, kwa kuwa mafungu matatu yanakunywa kisima kimoja, na Desemba imeshakunywa mapema. Tangu leo kila mwisho wa mwezi naandika namba mbili, iliyobaki kwa fungu na iliyopo kwenye simu.

Lakini hoja yangu kwake ilikuwa nyingine. Mchango si zawadi. Mchango unalipa ukumbi, chakula na muziki, unaandikwa na kamati, na ni kiingilio chako pia. Zawadi inakwenda na maharusi nyumbani. Nikichanganya viwili hivi, harusi mbili tu zinamaliza fungu la watu saba. Tulibishana mpaka Nyakato. Tukakubaliana mchango utoke hela ya nyumba, kwa kadi ya singo, na tuingie wote wawili kwa kadi hiyo kama watakubali. (Walikubali. Hakuna aliyetuhesabu mlangoni.)

31 Agosti

Zawadi yenyewe tumechanga wanawake watatu, mimi na mawifi wawili, 35,000 kila mmoja. Seti ya masufuria na hotpoti mbili. Peke yangu kwa 35,000 ningepeleka seti ya glasi, na nimehesabu mezani: maharusi walipata seti za glasi tisa.

22 Septemba

Mahafali mawili ya darasa la saba, 40,000. Hakuna la kusimulia, ila wa Kisesa aliomba begi na wa Magu akaomba hela taslimu, nikampa hela.

20 Oktoba

Mwezi mbaya. Kipaimara kilikuwa kwenye fungu la tarehe, 25,000. Halafu send-ofu 30,000 na ubatizo 15,000, vyote ndani ya siku tisa. Ya ghafla yamefika matano. Kwenye simu zimebaki 58,500 mpaka mshahara.

16 Novemba

Mapacha Nansio. Kwa Wasukuma na sisi Wakerewe, mapacha si zawadi moja iliyogawanywa. Ukipeleka doti moja umemtaja mmoja ukamwacha mwenzie, na mama mtu ataambiwa na kila anayekuja kumwona. Doti mbili na vitu vya 20,000. Kwenye akiba ya khanga sasa nilitakiwa kubaki na moja, nikaikuta sifuri, nikakumbuka ile ya ziada ya mama mkwe. Nikampigia mwalimu mwenzangu: kati ya tisa zake kuna moja haijatoka. Kanirudishia bila kunidai, nikamwandikia kwenye daftari kama deni la khanga, maana watu wa korija hawasahau.

Leo pia nimenunua madaftari. Wanafunzi kwenye nyumba zote ni 19. Mimi ni mwalimu, najua duka la vifaa vya shule linavyokuwa wiki ya kwanza ya Januari: foleni mpaka barabarani na bei haina majadiliano. Novemba wenye maduka ya jumla wanapokea mzigo mpya na wana nafasi ya kuongea. Dazeni kumi, 70,000. Kila mtoto sita, sita zinabaki kwa aliyesahaulika, kwa sababu lazima yupo aliyesahaulika.

4 Desemba, Mwaloni Kirumba

Nyumba ya Dar haipelekewi mchele, nauli ingeushinda mchele wenyewe. Inapelekewa dagaa. Dagaa wetu huvuliwa kwa taa, na taa haifanyi kazi mbele ya mbalamwezi. Usiku wa giza wanajaa, mwezi mpevu ukitoka wanaadimika na bei inapanda. Mwezi ulikuwa mpevu katikati ya Novemba, giza limeanza mwisho wa mwezi, kwa hiyo nilisubiri wiki hii. Tatizo la Desemba ni mvua. Dagaa aliyenyeshewa akianikwa upya anakuwa na tumbo la kahawia na anakatika ukimkunja. Niliwachagua wa chanja, wenye rangi ya fedha, nikatafuna mmoja kuona kama kuna mchanga. Hakukuwa na mchanga. Sh 20,000.

7 Desemba

Siku ya kukoboa. Gunia la Juni, kilo 78, limetoa mchele kilo 52. Mashine ikatulia, tukamimina la Julai, kilo 81. Kilo 46, na ndani yake chenga nyingi.

Fundi wa mashine hakushangaa. Akachukua punje chache za mpunga uliobaki sakafuni, akazisugua ganda kwa viganja, akaniinulia moja kwenye mwanga wa dirisha. Ilikuwa na nyufa nyembamba za kukata, kama kioo kilichogongwa. “Huu ulinyeshewa ukiwa umeshakauka, wakauanika tena juani. Mama, ukiuma unalia vizuri tu, maana ni mkavu. Lakini kwenye mashine unavunjika.” Kwa hiyo jino langu lilinipa jibu la unyevu, na mimi nilikuwa sijauliza swali la pili. Mwakani namenya punje kumi na kuziangalia kwenye mwanga, hata gari lipige honi.

Bado nimenufaika. Mpunga, usafiri na kukoboa 12,500 vinafanya kilo moja iwe kama Sh 1,920. Sokoni leo ni 2,400. Nimeongeza kilo mbili za dukani kufikisha mia.

21 Desemba

Mgao: nyumba ndogo sita kilo tano tano, za kati nne kilo saba, kubwa tatu kilo 14. Mafuta nilinunua dumu la lita 20 kwa 90,000. Lita 16 zimekwenda kwenye mizigo, mbili kwa kila nyumba kubwa na moja moja kwa nyingine. Nne zimebaki jikoni kwangu na jiko limelipa 18,000 yake. Mifuko 7,000. Nauli za mizigo yote, meli ya Nansio, kivuko cha Kamanga, daladala na basi la Dar, 39,000.

Mifuko ya wazee nimeifunga kwa kitambaa, na ndani yake mna mchele wa gunia la Juni peke yake. Chenga nimezisambaza kwa nyumba zenye watoto wengi, wanaopika uji. Shangazi wa Magu, ambaye kila mwaka huuliza mchele ni wa wapi, mwaka huu kaniambia nimpelekee na jina la mkulima.

3 Januari 2025

Nimefunga hesabu. Zimetoka 861,800, zimebaki 38,200. Ya ghafla yalikuwa sita, mojawapo mapacha. Hiyo 38,200 haitaguswa, ni mwanzo wa gunia la Juni.

Khanga imebaki moja, ile ya mwalimu mwenzangu. Nilitaka kumrudishia leo, lakini jana wifi wa Nyegezi alikuja kuchukua sufuria yake amevaa dera pana, akakataa chai kwa sababu harufu ya maziwa inamchefua. Nimeandika jina lake kwa penseli.